Maumivu Yasiyosubiri Tarehe

Wasichana wa bweni walimpachika jina la Bi Vumilia, naye alilijua na wala halikumnyima usingizi. Kwani walimsingizia? Ukimwendea na jino, vumilia. Ukimwendea na mafua, vumilia. Umegombana na rafiki yako wa kitanda cha juu, vumilia mwanangu, shule ni miaka michache tu, nyote mtaachana. Alikuwa matroni, na matroni asiye na ngozi ngumu huliwa akiwa mzima mzima na wasichana kabla ya muhula wa kwanza kwisha.

Lakini msimfanye mtu katili, jamani. Kwenye suala la tumbo la mwezi, Bi Vumilia alikuwa fundi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, na ndani kulikuwa na birika lisilopoa, chupa za mpira za maji ya moto zilizovikwa soksi kuukuu zisimuunguze mtu, na kabati la taulo za kike lenye kufuli. Vidonge vya ibuprofeni alifundishwa na nesi wa zahanati namna ya kuvitoa: mapema, tumbo linapoanza kunong'ona, si mpaka lianze kupiga kelele, na mtu awe ametia kitu tumboni kwanza, halafu kwa saa zake, siku ile na ya pili, bila kurukaruka. Vilifanya kazi. Kulikuwa na binti mmoja waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Huyo kila mwezi aliingia amejikunja, anatangaza kwamba anakufa, aandikiwe mama yake. Anapewa uji, kidonge, chupa ya maji ya moto, anaambiwa alale. Kengele ya pili ikilia yuko mlangoni anachana nywele na kusimulia umbea. Kesho yake anasumbuka kidogo, keshokutwa ameshasahau kama ana tumbo. Wengi walikuwa hivyo, na Bi Vumilia aliwahudumia wote, huku akiwasema.

Lililomchosha ni waongo. Asubuhi ya mtihani wa hesabu, nusu ya bweni huwa na tumbo. Hapo ndipo alipokuwa na dawa yake ya siri, na aliijivunia kuliko cheti chochote. Taulo zote zilitoka mkononi mwake, kwa hiyo tarehe za kila msichana alikuwa nazo kichwani. Binti anakuja ameshika kiuno, uso umesawajika, sauti imekatika. Bi Vumilia anamtazama tu juu ya miwani.

"Siku zako bado. Nenda kapige hesabu."

Na binti alikwenda. Wengine walicheka wenyewe wakiwa njiani, maana wameshikwa. Hakuna aliyewahi kumpiga chenga, alivyoamini yeye.

Sasa, katika bweni lile alikuwepo mtoto wa mdogo wake wa kike, mrefu, mwembamba, mwenye magoti yaliyotangulia mwili, wakamwita Kijiti. Nyumbani alimwita mama mkubwa. Shuleni alimwita matroni kama wenzake, na kwa kuwa ni damu yake, Bi Vumilia alimbana mara mbili zaidi, asije mtu akasema kuna upendeleo. Mtoto wa watu alilipia undugu.

Kijiti alivunja ungo kama kawaida, na mwaka wa kwanza hakulalamika. Tatizo lilikuja baadaye, likawa linakua pamoja naye. Kila muhula lilikuwa baya kuliko muhula uliopita. Bi Vumilia alimpa vidonge kama alivyowapa wengine, mapema, baada ya uji, kwa saa zake, na alisimama juu yake mpaka ameze. Mwezi wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, mtoto bado amejikunja kitandani anatapika nyongo, na masomo yanampita.

"Wenzako wanameza wanapona," Bi Vumilia alimwambia. "Wewe una tumbo la chuma?"

Kijiti aligeukia ukutani. Na huko kugeuka kulimuudhi mama yake mkubwa kuliko jibu lolote.

Ikafika wiki ya mtihani wa majaribio. Siku ya karatasi ya fizikia, wanafunzi wanajipanga kwenda ukumbini, Kijiti akatokea mlangoni mwa matroni, rangi imemtoka, mkono umebana chini ya kitovu upande wa kushoto.

"Matroni, tumbo."

Bi Vumilia alikuwa anakung'uta mashuka. Hakuhitaji hata kufikiri.

"Siku zako bado. Karibu wiki nzima bado."

"Najua. Lakini linauma."

"Linauma! Tumbo la mwezi bila mwezi! Na leo kuna fizikia, eti? Mwanangu, waongo nimewaona wa kila aina, lakini hata Redio angalau husubiri tarehe zake. Ondoka hapa kabla sijapandwa na hasira."

"Mama mkubwa..."

"Hapa hakuna mama mkubwa. Nenda."

Alikwenda. Alikaa kwenye chumba cha mtihani mpaka katikati, akaomba kutoka, hakurudi. Haukuwa mtihani wa kwanza kuuacha nusu. Mkuu wa shule, mwanamke mfupi mwenye subira fupi vilevile, akamwita matroni ofisini.

"Huyu mtoto ana akili," mkuu alisema, "ila darasa la sayansi lina nafasi za kugombania, na siwezi kumwekea nafasi mtu anayekuja akijisikia. Ijumaa tunakaa kikao. Nataka neno lako, kwa sababu wewe ndiye unayewajua. Anaumwa au anakwepa? Kama anaumwa, nitampa mtihani upya. Kama anakwepa, arudi nyumbani, mwakani aanze upya kwingine."

Bi Vumilia alimpenda yule mtoto. Hilo lisitiliwe shaka. Lakini alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na hesabu: dawa inayowaponya wote haimponyi, na maumivu yanakuja nje ya tarehe. Tena zaidi ya yote, yeye mwenyewe aliumwa hivyohivyo tangu usichana, aliumwa kuliko hivyo, na hakuna siku aliyoacha kazi. Sasa huyu ana nini cha pekee?

"Anadeka," alisema. "Tumemlea vibaya."

Akatoka ofisini ametimiza wajibu na moyo mzito, akamkaripia mpishi bila sababu.

Alhamisi Kijiti alichukua taulo. Hakusema kitu, alinyoosha mkono tu, akaondoka. Baadaye Bi Vumilia akakuta kitanda chake kitupu wakati wenzake wako darasani, na hakuwa darasani pia. Ebo! Akapita korido nzima amekunja mikono ya blauzi, maneno yamejipanga mdomoni, mengine mapya kabisa. Akaingia vyooni.

Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa. Akainua mkono agonge, akasikia. Hakikuwa kilio. Ilikuwa pumzi inayovutwa kwa vipande, kama mtu anayebeba gunia ngazini, halafu kimya, halafu mlio mdogo uliozibwa na nguo.

Bi Vumilia alibaki na mkono hewani. Waongo aliwajua, na muongo ana kitu kimoja hawezi kukikosa: watazamaji. Muongo huumwa mlangoni kwa matroni, huumwa mbele ya mwalimu wa zamu, huanguka mahali palipo na mtu wa kumdaka. Hakuna muongo anayejifungia choo cha mwisho wakati bweni ni tupu.

"Kijiti. Fungua."

"Nakuja, matroni. Samahani."

"Samahani ya nini? Fungua."

Alipotoka, uso ulikuwa umelowa jasho na mkono wa sweta ulikuwa na mate. Pindo lake lote lilikuwa limetafunwa, matundu juu ya matundu, ya zamani na ya leo.

"Ni haja kubwa," mtoto akasema akitazama sakafu. "Nikiwa kwenye siku, nikienda haja inakuwa kama kuna kisu huko ndani. Siku nyingine sili ili nisiende."

Haja hiyo Bi Vumilia aliijua. Kwenye sanduku lake mwenyewe, chini ya nguo, kulikuwa na taulo ya uso aliyokuwa akiiuma miaka yote, kwenye haja hiyohiyo, siku hizohizo. Hakuwahi kumwambia mtu. Mtu anaanzaje kusema jambo kama hilo?

"Kwa nini hukuniambia?" alifoka, na alifoka kwa sababu alitaka kulia.

"Nilikuambia tumbo linauma."

Bi Vumilia akamshika bega. Akamwosha uso kwa maji ya bomba, akamvika sweta lake mwenyewe, akaenda ofisi ya mkuu bila kubisha.

"Lile neno langu la juzi lishike kwanza. Nampeleka hospitali."

"Kikao ni kesho, matroni."

"Basi kesho utanisikia."

Kliniki ya wanawake ilikuwa na mabenchi ya mbao na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Mama yake Kijiti, aliyepigiwa simu, akawakuta hapo, ametoka mbio kwenye cherehani yake, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, na hasira imemtangulia.

"Dada, umeniachisha nguo ya bibi harusi kwa ajili ya tumbo la mwezi? Si utamchemshia maji! Ukoo wetu wote ndivyo tulivyo. Mimi nilikuwa hivi, wewe ulikuwa hivi. Mama yetu naye alikuwa analala chini siku mbili."

"Nyamaza kwanza," Bi Vumilia alisema. Mdogo wake alishangaa mpaka akanyamaza.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu aliyekosa chai. Swali la kwanza alimuuliza Kijiti, Bi Vumilia akalijibu. La pili alimuuliza Kijiti, mama yake akalijibu. La tatu daktari hakuliuliza. Aliweka kalamu mezani.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

Wakamwonyesha.

"Basi ninyi wawili nisubirini nje. Kila binti wa umri huu nazungumza naye peke yake kwanza. Nikimaliza, na yeye akikubali, nitawaita."

Bi Vumilia alitokwa na povu huko kwenye benchi. Yeye! Matroni! Aliyelea mabinti mpaka wengine wakawa makarani wa serikali na wengine madaktari kama huyu huyu! Mdogo wake alimwambia ajizuie, watu wanatazama. Yalipita mambo: Kijiti akaenda kutoa mkojo upimwe, na mimba ikaangaliwa humo humo kama wanavyofanya kwa kila mtu mwenye tumbo, akaenda chumba cha altrasaundi kupigwa picha kwa juu ya tumbo, akarudi. Ndipo wakaitwa.

"Sasa," daktari akamgeukia Bi Vumilia, "amesema wewe ndiye uliyempa dawa. Ulimpaje?"

Hilo alilijua. Alinyooka kwenye kiti. "Ibuprofeni, daktari. Mapema kabisa, ameshakula, kwa saa zake. Miezi mitatu, nimesimama juu ya kichwa chake."

"Vizuri sana. Na haikumsaidia?"

"Haikumsaidia. Ndiyo maana nikajua anadeka, kwa sababu wenzake wote inawasaidia."

Daktari alimtazama. "Endelea."

"Na tena maumivu yanakuja siku zake zikiwa bado. Wiki nzima kabla! Tumbo la hedhi gani hilo?"

"Endelea."

"Na mambo ya choo," akasema, sauti ikapungua. "Na kila muhula linazidi."

"Na sisi wote tuko hivyo," mdogo wake akadakia. "Ni ya ukoo, daktari. Ni kawaida yetu."

Daktari alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja.

"Dada zangu, mmenisaidia kazi, ila mmeisoma kinyumenyume. Tumbo la kawaida la hedhi linakuja na damu au saa chache kabla yake, linabana siku mbili tatu, linaondoka. Linaweza kumshika mtu kiuno na mapaja, akatapika, akaharisha, na bado likawa la kawaida. Joto linalipoza. Dawa ikinywewa vizuri, kwa wengi inalituliza. Hao ndio wengi wa bweni lako, matroni, na umewahudumia vizuri. Lakini dawa iliyonywewa vizuri miezi mitatu bila faida, hiyo si sababu ya kumwita mtoto muongo. Hiyo ni sababu ya kumleta kwangu. Maumivu nje ya siku zake, sababu. Maumivu ya kukata akienda haja akiwa kwenye siku, sababu. Kuzidi kila muhula mpaka anakosa masomo, sababu. Na mama na mama mkubwa kuwa na maumivu hayohayo, hiyo si kawaida ya ukoo. Hiyo nayo ni sababu."

Bi Vumilia alihisi masikio yanawaka. Kila kitu alichokitumia kumfunga yule mtoto, daktari alikuwa anakitumia kumfungua.

"Sasa hiyo picha imesemaje?" mama yake Kijiti akauliza.

"Picha ni safi. Mfuko wa uzazi umekaa vizuri, hakuna mahali damu imezuiliwa, sijaona uvimbe."

"Si ndiyo hayo! Hamna kitu! Dada, nguo ya watu..."

"Mama, tulia," daktari akasema, na sasa uchovu ulikuwa umegeuka ukali. "Kuna ugonjwa unaitwa endometriosis. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, kwenye vifuko vya mayai, karibu na utumbo. Kila mwezi inasumbuka huko ilipo, inavimba, inaumiza. Mara nyingi picha hii haiioni, hasa kwa msichana mdogo. Picha safi haimaanishi mtoto mzima. Sisemi ninao uhakika. Nasema dalili zinatosha kutokaa tukingoja. Nitamwanzishia vidonge vya homoni kuituliza hedhi, na nitampeleka kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake. Asipopata nafuu, bingwa atazungumza naye habari ya kuchungulia ndani kwa kamera."

"Vidonge vya homoni? Vile vya uzazi wa mpango? Mtoto wangu, shule hajamaliza! Watu watasema nini?"

"Watu hawajui anameza nini, mama, usipowatangazia. Na havimharibii uzazi. Akiviacha, hedhi yake inarudi."

Mdogo mtu akafungua mdomo tena, na Bi Vumilia akamshika mkono.

"Atameza," alisema. "Nitasimama mimi juu ya kichwa chake. Inatosha."

Ijumaa aliingia kwenye kikao bila kuitwa. Mkuu alimwambia akae, akakataa.

"Mtoto anaumwa."

"Juzi ulisema anadeka."

"Juzi nilisema upuuzi. Barua ya daktari hiyo hapo, lakini umetaka neno langu, na neno langu ni hilo: anaumwa, na alikuwa anaumwa kila mara nilipomrudisha darasani."

Walimu walitazamana. Mkuu aliisoma barua mara mbili, akasema mtihani utarudiwa, na nafasi ya sayansi ibaki ilipo. Bi Vumilia akashukuru, akatoka, akapitia jikoni kumwomba mpishi radhi. Mpishi hakuelewa ni kwa ajili ya nini.

Miezi ikapita. Vidonge havikuwa muujiza. Mwanzoni vilimletea Kijiti matone ya damu yasiyo na mpango na kichefuchefu, akanuna, mama yake akasema si nilisema. Halafu maumivu yakaanza kupungua, kwanza yale ya nje ya siku, kisha yale mengine. Hayakuisha, ila alikaa mtihani wote, na mkono wa sweta jipya ulibaki mzima. Chumbani kwa matroni mambo yalibadilika kidogo tu. Waongo wa hesabu bado walifukuzwa. Lakini msichana akija nje ya tarehe zake, Bi Vumilia alimkalisha kitandani na kumuuliza linauma wapi, lini, na dawa ilifanya nini. Redio alitangaza bweni zima kwamba matroni anazeeka vibaya.

Siku ya kurudi kliniki, daktari alimpima Kijiti, akaridhika, akampa tarehe ya bingwa. Bi Vumilia akawa tayari ameshika mkoba.

"Mama mkubwa, kaa," Kijiti akasema.

"Nikae nini? Tumemaliza."

"Daktari, na yeye anauma taulo. Nimeiona sandukuni. Nilijua ni ya nini."

"Wewe mtoto! Una adabu wewe?" Bi Vumilia alimtolea macho, akamgeukia daktari. "Usimsikilize. Mimi mtu mzima, nimeshazoea. Nimekaribia kukoma hedhi, sasa nipimwe nini? Watoto sikupata, mume alikwenda zake, nimeshamaliza safari hiyo."

"Bado unaumwa?"

"Ni kawaida tu."

Daktari hakubishana naye. Alimtazama Kijiti na kuuonyesha mlango kwa kidevu.

"Wewe nisubiri nje. Mgonjwa wangu nazungumza naye peke yake."

Kijiti akachukua mkoba wa mama yake mkubwa, akatoka, akaketi kwenye benchi lilelile. Mlango ukafungwa. Daktari akavuta kiti chake karibu.

"Haya, dada. Maumivu yako yalianza lini?"

Bi Vumilia alifungua mdomo atoe jibu lake la siku zote. Maishani mwake, mama yake, mumewe, mama mkwe aliyemwita mgumba, wote walikuwa wamemwambia mengi juu ya tumbo lile. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hilo.

"Nilikuwa na umri kama wake," alisema, na machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyazuia.